Karne kumi na mbili ndani ya aya moja: namna tatu za kuandika "Kuhusu Sisi" ya Kilwa Kisiwani

Kila anayetengeneza tovuti ya kijiji, chama au kampuni ya zamani hukutana na bahasha ile ile. Ndani yake mna historia ndefu iliyoandikwa na mzee, au na kamati, au na ofisa mmoja mwenye bidii. Ni kurasa kumi na zaidi, na kila mtu ndani yake ametajwa kwa cheo. Halafu unaambiwa: "Tunataka aya moja tu ya ukurasa wa Kuhusu Sisi." Aya moja maana yake ni maneno themanini mpaka mia, kiasi kinachoenea kwenye skrini ya simu bila msomaji kusogeza kidole mara nyingi. Ukizidi hapo, watu huruka.

Badala ya kueleza kwa jumla, nitachukua mahali pagumu kuliko pote ninapopafahamu: Kilwa Kisiwani, kisiwa kilicho mkabala na Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Pana kijiji chenye watu wake, na pana mji uliokufa ambao vitabu vimeuandika kwa karne nyingi. Anayeweza kuifupisha Kilwa hatashindwa na SACCOS ya mtaani kwake.

Nimeandika aya tatu kwa habari zile zile, kila moja kwa mpango wake. Soma zote, kisha uamue ipi inafaa wasomaji wako. Mimi nina upande wangu, na sitauficha.

Kilichomo kwenye bahasha

Kwanza tutazame mali ghafi. Watu wameishi kisiwani tangu karne ya 9 hivi. Sehemu ya zamani zaidi ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11, nao ulipanuliwa sana karne ya 14, ukapata kuba na nguzo zake. Wakati huohuo, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani Hassan bin Suleiman alijenga Husuni Kubwa, kasri juu ya jabali la bahari lenye birika la pembe nane. Msafiri Ibn Batuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Utajiri wote huo ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, kusini zaidi, katika Msumbiji ya leo.

Kisha wakaja Wareno. Mwaka 1505 waliuteka mji, wakajenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wamekwisha kuiacha. Karne ya 18 biashara ilirudi, safari hii ikiwa ya watumwa, na mwaka 1776 sultani alitia saini mkataba wa kuwauza kwa Mfaransa aliyeitwa Morice. Waomani wakachukua utawala, na shughuli kubwa ikahamia Kilwa Kivinje, bara. Katika miaka ya 1950 na 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba magofu. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014, baada ya ukarabati, yakaondolewa humo.

Hayo nimeyabana mno, na bado ni mengi kwa aya moja. Hapo ndipo uchaguzi unapoanzia.

Aya ya kwanza: mfuatano wa miaka

Hii ndiyo inayokuja yenyewe mkononi, na ndiyo ninayoikuta kwenye tovuti nyingi.

> Kilwa Kisiwani ilianza kukaliwa karne ya 9. Karne ya 11 ulijengwa Msikiti Mkuu. Kati ya karne ya 13 na 15 mji ulitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, na mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani Hassan bin Suleiman alijenga Husuni Kubwa. Ibn Batuta alifika mwaka 1331. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kujenga ngome, wakaondoka 1512. Karne ya 18 biashara ilifufuka, kisha kisiwa kikawa chini ya Waomani. Mwaka 1981 magofu yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Hakuna kosa la tarehe hapa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta kazi ya nyumbani ataipenda, na mwalimu wake pia. Mwenye kamati naye ataridhika, maana kila kipande cha historia yake kimeguswa.

Lakini isome tena kama mtu aliye Dar es Salaam anayetaka kupeleka familia kusini wakati wa likizo. Kila sentensi ina uzito sawa na mwenzake. Msikiti uliosimama miaka mia tisa umepewa nafasi moja na ngome iliyotumika miaka saba. Hakuna sababu ya lolote: mji ulitajirika, ukatekwa, ukafufuka, na msomaji hajui kwa nini. Baya zaidi, aya inakoma 1981, kana kwamba baada ya hapo kisiwa kimebaki na popo na mibuyu peke yake. Kijiji chenyewe, ambacho ndicho kinachosema "sisi", hakimo ndani ya "Kuhusu Sisi".

Pana mtego mwingine katika mpango huu. Kwa kuwa kila tarehe hupata maneno machache, yale machache hudanganya bila kukusudia. "Wareno walijenga ngome" ni kweli. Ila mgeni akifika na kuliona Gereza pale ufukweni atajua, kwa aya yako, kwamba anatazama kazi ya Wareno. Kwa sehemu kubwa anachokitazama ni ngome iliyojengwa upya na Waomani karne ya 19. Na lile neno "biashara ilifufuka" nitalirudia baadaye, maana limebeba mzigo usiotajwa.

Mfuatano wa miaka unafaa pale ambapo matukio ni machache na yanabebana. Kijiji kilichoanzishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kikapata shule, kikapata kisima, kikagawanyika kuwa viwili, kina tarehe nne tu, na kuzipanga moja baada ya nyingine ndiyo njia nyepesi na ya wazi. Unafaa pia kwenye ukurasa tofauti wa "Historia", ambako aliyebofya amekuja kutafuta tarehe. Kwa Kilwa, aya hii ningeihamishia huko, kisha ningeirefusha.

Aya ya pili: kitu kimoja

Mpango wa pili unaacha karibu kila kitu na kushika kitu kimoja chenye uwezo wa kuvuta vingine.

> Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani Hassan bin Suleiman wa Kilwa alitoa sarafu ndogo za shaba zenye jina lake. Moja ilikuja kupatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini, katika nchi ya dhahabu iliyoutajirisha mji wake. Sarafu hizo zilitoka hapa, kisiwa kidogo cha pwani ya kusini ya Tanzania, ambako msikiti na kasri la sultani bado vinaonekana. Magofu haya ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Sisi ni wanakijiji wa Kilwa Kisiwani, na nyumba zetu ziko kandokando yake. Karibu uyaone.

Hii inasomeka mpaka mwisho. Msomaji ameshikiwa sarafu, akavushwa hadi Zimbabwe, akarudishwa kisiwani, na njiani amejifunza habari ya dhahabu bila kupewa somo. Tarehe ni mbili tu, na zote atazikumbuka.

Ugumu wake ni kwamba kitu chenyewe lazima kichaguliwe kwa ukali. Kuna sarafu nyingine za Kilwa zenye kisa cha kusisimua zaidi: ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nani asingetaka kuanza hapo? Mimi singeanza. Hakuna ajuaye zilifikaje kule, wala lini, na aya ya maneno tisini haina nafasi ya kueleza shaka hiyo. Msomaji ataondoka akiamini kwamba mabaharia wa Kilwa walifika Australia, na kijiji kitakuwa kimesema jambo kisichoweza kulitetea. Sarafu ya Zimbabwe Kuu haina tatizo hilo. Ilipatikana ndani ya mtandao wa biashara ambao tayari tunaujua kwa ushahidi mwingine.

Swali la pili la kukiuliza kitu chako: je, mgeni akifika atakiona? Sarafu iliyopatikana Zimbabwe haiko kijijini, na mwongoza wageni atachoka kuulizwa iko wapi. Kwa sababu hiyo, kijiji kikiniomba mpango huu, ningebadilisha sarafu niweke birika la pembe nane la Husuni Kubwa, au kuba za Msikiti Mkuu. Vimefungwa ardhini, haviendi popote. Sarafu ningeiacha kwa makumbusho, au kwa duka linalouza kazi za mikono mtandaoni kwa watu ambao hawatafika kamwe.

Hasara ya mwisho ni ya siasa za kijiji zaidi kuliko za uandishi. Ukishika kitu kimoja, wenye vitu vingine watauliza. Ukoo unaojihesabia kutoka kwa watu wa Makutani, jumba jingine kubwa la kisiwani, utataka kujua kwa nini Hassan bin Suleiman ametajwa na jumba lao halikutajwa. Ni swali la haki, na majibu yake hayapatikani kwenye aya. Yanapatikana kwenye kikao, kabla hujaandika.

Aya ya tatu: kuanzia leo na kurudi nyuma

> Kilwa Kisiwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima kwenye kisiwa kilicho mkabala na Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Tunaishi kandokando ya mji wa zamani: Msikiti Mkuu, Makutani na Gereza ni majirani zetu. Mji huo ulitajirika kati ya karne ya 13 na 15 kwa sababu vyombo vya Uarabuni na India viliweza kufika hapa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka mmoja, lakini si mbali zaidi ya hapa. Dhahabu ya Sofala ikaletwa kuvikuta. Magofu ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Kabla ya kuvuka, chukua kibali Kilwa Masoko.

Huu ndio upande wangu, na sababu yangu kubwa ni ile sentensi ya tatu.

Ukitazama bahasha tena, utaona matukio mengi lakini sababu moja. Kwa nini dhahabu ya Sofala isingeuzwa Sofala kwenyewe? Kwa nini sultani tajiri akae kisiwa hiki na si kingine? Jibu ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi hivi, ikileta vyombo kutoka kaskazini. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Nahodha aliyetoka Ghuba au Gujarati aliweza kuifikia Kilwa, kuuza na kununua, na kuondoka kwa kusi ya mwaka uleule. Akitaka kwenda mbele mpaka Sofala, ilimpasa kukaa pwani msimu mwingine. Kwa hiyo watu wa Kilwa walifanya safari ile ya kusini kwa vyombo vyao, wakaileta dhahabu mahali wageni walipoweza kufika, na faida ikabaki kwao. Ukiisema sababu hiyo kwa sentensi moja, msikiti, kasri, sarafu na hata ujio wa Wareno vinaeleweka vyenyewe. Walikuja kutafuta dhahabu ileile.

Ndiyo maana katika aya hii sikumtaja Ibn Batuta. Najua itawauma wengi. Lakini alikuja kuuona utajiri, hakuuleta, na nikiwa na maneno tisini namwondoa shahidi, nabaki na tukio. Isipokuwa kwenye toleo la Kiingereza la tovuti hiyohiyo: huko ningemrudisha, kwa kuwa jina lake linajulikana na mgeni wa mbali kuliko jina la kisiwa, na kaskazi ningeieleza kwa maneno zaidi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kaskazi ni nini. Aya mbili za lugha mbili hazipaswi kuwa na habari zilezile.

Sababu yangu ya pili ni sentensi ya kwanza na ya mwisho. Zinajibu maswali mawili ambayo mtu huja nayo: nyinyi ni nani, na nifanyeje? Zinaondoa pia mkanganyiko wa Kilwa tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya, Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19 wenye boma la Wajerumani na kumbukumbu za Vita vya Majimaji, na Kilwa Kisiwani ndiyo ya masultani. Nimekuta maandishi yanayoziponda zote pamoja na kuwapeleka watu wa Majimaji kisiwani. Mstari wa kwanza unaosema "kisiwa kilicho mkabala na Kilwa Masoko" unazuia hilo lote.

Udhaifu wake? Hauna mshtuko wa aya ya pili. Mtu aliyekuja bila haja yoyote, akipitapita tu, huenda asivutwe na "kijiji cha wavuvi na wakulima". Pia ni mpango unaochakaa haraka, kwa kuwa unazungumzia leo. Ofisi ya vibali ikihama, aya imekuwa ya uongo. Nauli ya mashua, idadi ya wakazi, jina la mwenyekiti na namba ya simu havipaswi kuingia humo hata kidogo. Viwekwe kwenye ukurasa wa mawasiliano, ambako mtu anajua kwamba ni vya kusasishwa. Hata sifa ya UNESCO huzeeka. Maelezo yaliyoandikwa kati ya 2004 na 2014 yalisema magofu yako hatarini, na aliyeyanakili bila kuangalia bado anatangaza hatari iliyokwisha kuondolewa.

Sentensi ambazo aya zote tatu zinagombana nazo

Mpango wowote utakaouchagua, asili ya mji itakusumbua. Kumbukumbu ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, inasema Ali bin Hassan alitoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa kitambaa kilichotosha kukizunguka. Wachimbaji wanasema watu waliishi pale kabla ya zama za masultani hao, wakitumia vyungu vya pwani hii hii. Na mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani ya Waswahili, Kilwa ikiwemo, yakionyesha mchanganyiko wa Kiafrika na Kiasia, wa Kiajemi hasa, huku upande wa mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana.

Linganisha sasa sentensi tatu. "Mji ulianzishwa na Washirazi" inafuta watu waliokuwapo. "Kisa cha Washirazi ni cha kubuni" inawatukana wazee na inakwenda mbali kuliko ushahidi. Ya tatu: "Kumbukumbu za Kilwa husimulia kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka." Hii ni kweli kabisa, kwa sababu ndivyo zinavyosimulia. Tena ndani yake mna jambo zuri: kitu hakinunuliwi bila mwenyewe, kwa hiyo kisa chenyewe kinakiri kwamba watu walikuwapo. Kama kamati inasisitiza asili itajwe, toa hii ya tatu. Kama haisisitizi, iache kwa ukurasa wa historia. Aya yangu ya tatu haikuihitaji.

Vivyo hivyo na maneno "wa kwanza" na "kongwe kuliko yote". Msikiti Mkuu ni wa kale sana, lakini Shanga, katika kisiwa cha Pate, kumechimbuliwa msikiti wa karne ya 8, na Kizimkazi, Unguja, pana maandishi ya mwaka 1107. Kuandika "msikiti mkongwe kuliko yote Afrika Mashariki" ni kuomba barua kutoka Lamu. "Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11" ina nguvu ya kutosha, na hakuna wa kuipinga.

Halafu utumwa. Katika aya ya kwanza niliandika kwa makusudi kwamba "karne ya 18 biashara ilifufuka". Sentensi hiyo ndiyo nisiyoikubali katika rasimu yoyote. Kilichofufuka kilikuwa uuzaji wa watu waliotolewa bara, wengi wao wakipelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Aya inayoishia karne ya 15, kama ile ya tatu, haina lazima ya kulitaja. Haikudai kusimulia yaliyofuata. Lakini aya inayoigusa karne ya 18 ina chaguo mbili tu: iseme "biashara ya watumwa", au iiache karne hiyo nzima. Kutaja ustawi bila bidhaa yake si kufupisha tena. Na ukurasa wa historia hauna udhuru: mkataba wa 1776 lazima uwemo.

Ikiwa ni kampuni au chama

Mizani inabadilika kidogo. Mnunuzi wa kahawa hataki kujua kwa nini mji ulitajirika. Anataka kujua kama mtakuwepo msimu ujao. Kwa hiyo tarehe ya kuanzishwa ina uzito ambao kijijini haina, na ndiyo hupotoshwa mara nyingi.

Chukua Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, cha Moshi. Wakulima wa kahawa wa Kichagga walikuwa na chama chao, KNPA, tangu 1925. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha. Je, kiandikwe "tangu 1925", "tangu 1933", au tarehe ya kurudi? Ningesema "kilianzishwa 1933", kwa sababu hilo ni tukio lililotokea siku yake. "Tangu 1933" inadai mfululizo usiokatika, na hapa ulikatika. Tofauti ni neno moja, lakini mkaguzi, mwandishi wa habari au mshindani anaweza kulishika.

Kwa kampuni, basi, aya ya tatu bado inaongoza: unauza nini leo, kwa nani, kisha sababu moja ya zamani inayoeleza ubora wake. Aya ya kitu kimoja hufaa zaidi kwa biashara ndogo yenye kisa, mathalani hoteli iliyo ndani ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, ambayo mlango wake ndio tangazo. Mfuatano wa miaka waachie ripoti ya mwaka.

Kupunguza kwenyewe

Ukishachagua, kazi ya mikono ni hii. Andika kila tukio la bahasha kwenye mstari wake. Kando ya kila mstari jibu swali moja: je, linaeleza kitu ambacho msomaji atakiona, atakinunua au atakiuliza leo? Kwa Kilwa, msikiti unabaki, Gereza linabaki kama jina la mahali, dhahabu inabaki kwa kuwa inaeleza majumba, 1981 inabaki kwa kuwa inaeleza kibali. Miaka saba ya Wareno inaondoka. Chittick anaondoka, ingawa bila yeye tungejua kidogo sana. Kisha tafuta sababu moja inayounganisha vilivyobaki, iandike kwanza, na vingine vipange kuizunguka. Usipoipata, huenda historia yako kweli haina uzi mmoja, na hapo ndipo kitu kimoja kinapokuokoa.

Msomee mtu wa mahali penyewe kwa sauti, umwombe akusimamishe anapokunja uso. Mkunjo mmoja mara nyingi ni jina lililokosewa. Mkunjo mrefu ni mtu aliyesahauliwa.

Mwisho, usiiachie injini ya utafutaji ikukatie sentensi. Kwenye matokeo, kwa kawaida huonekana herufi 150 hivi, na zikichukuliwa kutoka mwanzo wa aya ya kwanza, mtu ataona karne ya 9, karne ya 11 na dhahabu ya Sofala, basi. Kwa aya ya tatu ningeweka mstari wake mwenyewe kwenye kichwa cha ukurasa:

```html
<meta name="description" content="Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi: kijiji cha wavuvi na wakulima kati ya magofu ya mji wa dhahabu, Urithi wa Dunia tangu 1981. Kibali na mashua: Kilwa Masoko.">
```

Injini inaweza kuupuuza na kuchagua maneno mengine ya ukurasa, kwa hiyo mstari wa kwanza wa aya yenyewe nao uweze kusimama peke yake. Wa aya ya tatu unaweza: una jina, una kazi za watu, una mahali.